Jina la Ndoa na Anwani Mpya: Uanzie Wapi Kubadili Kumbukumbu Zako Ukiwa Mtwara au Lindi

Wanaokwama katika kubadili jina la ukoo baada ya ndoa mara nyingi wana karatasi zote. Kosa lao ni kuanza na ofisi isiyo ya kwanza. Mtu anakwenda benki na cheti cha ndoa, benki inakubali jina jipya, kisha mwezi unaofuata laini ya simu, TIN na kitambulisho cha Taifa bado vinasoma jina la zamani. Sasa ana majina mawili yanayopingana, na kila ofisi inamwambia akarekebishe kwingine kwanza. Mwongozo huu unafuata mfuatano mmoja unaoepusha hali hiyo, kwa kutumia mfano wa mwanamke aliyeolewa na kuhama kutoka Masasi kwenda Mtwara mjini. Tumwite Maria Petro Lukanga. Anataka kuitwa Maria Petro Nampunju. Ana kitambulisho cha Taifa, laini mbili za simu, TIN ya duka dogo, pasi ya kusafiria, na akaunti ya benki inayopokea malipo ya korosho kupitia AMCOS ya kijijini kwao.

Kwanza amua kama unabadili kweli

Hakuna sheria Tanzania inayomlazimisha mwanamke kuchukua jina la mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua kuwa mke kwa sababu ndoa ilifungwa, jina halihusiki. Katika familia nyingi za Kiislamu za mikoa hii miwili, binti hubaki na jina lake, la baba na la babu maisha yake yote, wala hakuna ofisi inayomnyima haki kwa hilo. Kama lengo lako ni kumwandikisha mume katika bima ya afya, kumfungulia mtoto cheti cha kuzaliwa au kuthibitisha kuwa mke, cheti cha ndoa peke yake kinatosha. Usibadili jina kwa sababu karani mmoja amekuambia "mbona huna jina la mumeo".

Jambo la pili la kupima ni vyeti vya shule. Cheti cha kidato cha nne cha NECTA kitabaki na jina ulilofanyia mtihani, na cheti cha kuzaliwa kitabaki na jina ulilopewa na wazazi. Ndoa haibadilishi hata kimoja kati ya hivyo. Maana yake, ukishabadili, kila utakapoomba kazi au chuo utaambatanisha karatasi inayounganisha jina la cheti na jina la kitambulisho. Si mzigo mkubwa, lakini ni wa kudumu. Kama bado unasoma au unatafuta ajira serikalini, ni busara kuliacha jina lako lilivyo.

Maria ameamua kubadili. Sasa anachagua jina litakavyoandikwa, na hapa anatakiwa atulie. Anaandika majina yote matatu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwa tahajia ileile iliyo kwenye kitambulisho cha mume. Huku kusini makosa ya aina hii ni mengi kuliko mengine yote: Saidi na Said, Hamisi na Khamis, Mohamedi na Mohamed, Rashidi kuandikwa Lashidi kwa sababu mwandishi alisikia hivyo. Kwa kompyuta hayo ni majina tofauti, hata kama kwa masikio ni mtu mmoja. Karatasi ile Maria ataipeleka kila dirishani badala ya kutamka jina kwa mdomo.

Cheti cha ndoa: hakikisha ni kile cha Serikali

Watu wengi wana karatasi mbili za ndoa. Moja ni ya kanisa au msikiti, nzuri, yenye mapambo, ambayo ni kumbukumbu ya dini. Nyingine ni cheti cha ndoa cha Serikali kinachotoka katika vitabu vya Msajili, chini ya RITA, chenye namba na mhuri. Kinachotakiwa NIDA na Uhamiaji ni hicho cha pili. Mfungishaji ndoa mwenye leseni, awe padri, mchungaji au sheikhe, hujaza cheti hicho siku ya ndoa na nakala hupelekwa kwa msajili.

Tatizo linatokea pale nakala hiyo haikuwahi kufika. Wewe una cheti, lakini ofisi ikiuliza kwa msajili haikioni. Dalili yake ni majibu kama "taarifa hazijapatikana" wakati cheti unakishika mkononi. Dawa si kwenda kuapa mahakamani. Rudi kwa aliyefungisha ndoa na namba ya cheti, umwombe apeleke nakala yake kwa msajili wa wilaya, ambaye kwa kawaida huduma yake iko katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Waliooana kimila, au kwa taratibu za Kiislamu bila msajili kuwepo, sheria inawataka waombe kusajiliwa ndani ya siku 30 baada ya ndoa. Siku zikipita ndoa haifi. Mnakwenda wote wawili kwa msajili wa wilaya na kuomba usajili uliochelewa, mkiwa na mashahidi waliokuwepo na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Fanyeni hivyo kabla ya hatua nyingine yoyote, kwa kuwa bila cheti hicho yaliyo hapa chini hayasogei.

Maria anakagua cheti chake: jina lake la usichana limeandikwa Lukanga kama kwenye kitambulisho? La mume limeandikwa Nampunju, si Nampunchu? Kama kuna herufi iliyokosewa, anairekebisha kwa msajili sasa hivi. Cheti chenye kosa kitazaa kosa hilohilo katika kila mfumo utakaofuata.

Kuna pia karatasi mbili ambazo huchanganywa sana. Kiapo cha majina, kinachoapwa mbele ya wakili au hakimu, kinasema majina fulani mawili ni ya mtu mmoja. Hakibadili jina. Hati ya kubadili jina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, ndiyo inayoacha jina la zamani na kuchukua jipya. Kwa anayechukua jina la mume, cheti cha ndoa hufanya kazi ya kuonyesha sababu na chanzo cha jina. Hati inahitajika pale unapobadili kitu ambacho ndoa haikielezi. Kama Maria angetaka kuacha na jina la Petro, au kujiita jina la kwanza jipya, cheti cha ndoa kisingembeba, angehitaji hati iliyosajiliwa. Epuka kulipia kiapo halafu ukakipeleka mahali panapotaka hati, kwa sababu utarudishwa.

NIDA ndiyo mzizi

Baada ya cheti, kituo cha kwanza ni ofisi ya NIDA ya wilaya. Sababu ni ya kiufundi: kampuni za simu, TRA, benki na Uhamiaji huvuta majina yako kutoka hifadhidata ya NIDA kwa kutumia namba ya kitambulisho. Ukibadili huko kwanza, wengine watakuta jina jipya lipo. Ukiwabadilishia wengine kwanza, siku watakapolinganisha na NIDA watakuta halifanani.

Chukua kitambulisho chako au namba yake, cheti halisi cha ndoa na nakala yake, kitambulisho cha mume na nakala, cheti cha kuzaliwa, na barua ya utambulisho ya mtendaji. Utajaza fomu ya marekebisho ya taarifa na kupewa namba ya malipo ya Serikali, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Lipa kwa namba hiyo tu, kwa simu au wakala wa benki, na utunze risiti. Mtu akikuomba umtumie fedha kwenye laini yake binafsi "akushughulikie", malipo hayo hayataonekana kwenye mfumo wowote. Unaweza kupigwa picha upya na kuweka saini upya. Kama saini yako ina jina la ukoo ndani yake, fikiria kabla: ukiibadilisha NIDA utalazimika kuibadilisha na benki.

Namba yenyewe haibadiliki. Zile tarakimu 20, ambazo 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, zitabaki nawe kwa jina lolote. Hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba Lukanga na Nampunju ni mtu mmoja. Kama kuna ofisi inakuambia utapata namba mpya, kuna jambo halijaelewana. Uliza kama hawakuanzishii usajili wa pili, jambo linaloleta matatizo makubwa alama za vidole zinapogongana.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka: kusubiri. Kupokelewa kwa fomu si kubadilika kwa taarifa. Usiende kwingine kokote mpaka hifadhidata isome jina jipya. Njia rahisi ya kujua ni kurudi NIDA na kuomba wakusomee majina yaliyopo kwenye mfumo, au kwenda duka la kampuni ya simu kusajili laini upya kwa alama ya kidole, ambapo jina linalovutwa ndilo lililopo NIDA siku hiyo. Kupiga *106# hakukuonyeshi jambo hili. Menyu hiyo inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako kama kampuni zilivyonakili siku ya usajili, kwa hiyo itaendelea kuonyesha jina la zamani hata NIDA ikiwa imeshabadilika.

Akaunti ya korosho: chagua mwezi

Hapa ndipo mkulima wa Mtwara na Lindi anatofautiana na mtu wa mikoa isiyolima korosho. Minada ya korosho huanza mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka au kuvuka kidogo. Mzigo unapopimwa AMCOS, jina lako na namba ya akaunti huingia kwenye orodha, na baada ya mnada malipo huja benki kwa orodha hiyo. Ikiwa Novemba umebadilisha jina la akaunti, orodha ya AMCOS bado inasema Lukanga na akaunti inasema Nampunju. Malipo yanaweza kukataliwa na kurudi, na wewe utakuwa unazunguka kati ya chama na benki wakati wenzako wameshalipwa.

Kwa hiyo Maria anabadili NIDA muda wowote, lakini jina la akaunti analibadili baada ya kupokea malipo ya mwisho ya msimu, tuseme kati ya Februari na Agosti. Wiki ileile anayobadili benki anakwenda pia kwa katibu wa AMCOS akiwa na kitambulisho na nakala ya cheti cha ndoa, na anaangalia mwenyewe jina linavyoandikwa kwenye daftari la wanachama. Kisha anauliza kuhusu usajili wa mkulima ulio chini ya Bodi ya Korosho, unaotumika kugawa pembejeo, ili salfa isije kwa jina ambalo hana kitambulisho chake. Akiwa amehama lakini shamba liko Masasi, anasisitiza kwamba kinachobadilika ni jina na makazi yake tu, wala si mahali shamba lilipo. Makarani wakati mwingine huhamisha vyote pamoja.

Benki nyingi zitataka kitambulisho, cheti cha ndoa na saini mpya, na kadi ya zamani itabadilishwa. Uliza swali moja kabla ya kutia saini: je, namba ya akaunti inabaki ileile? Inapaswa kubaki. Wakitaka kukufungulia akaunti mpya, kataa mpaka wakueleze kwa nini.

Yanayofuata, kwa haraka

Laini za simu husajiliwa upya kwa alama ya kidole kwenye duka la kampuni. Jina linalotokea mtu anapokutumia pesa ndilo ushahidi kwamba limebadilika. Fanya laini zote siku moja. TIN hurekebishwa kupitia taxpayerportal.tra.go.tz au ofisi ya TRA ya mkoa. Leseni ya biashara ni jambo jingine, kwani inafungwa na mahali pa biashara, na Maria akihamisha duka kutoka Masasi kwenda Mtwara mjini ataomba leseni katika halmashauri mpya.

Pasi ya kusafiria hairekebishwi kwa kufuta na kuandika. Unaomba nyingine kupitia tovuti ya Uhamiaji, eservices.immigration.go.tz, kwa gharama ya kawaida ya shilingi 150,000, ambapo 20,000 hulipwa mwanzoni kwa ajili ya fomu. Kama huvuki mpaka wa Mtambaswala au Kilambo mara kwa mara, subiri pasi yako ikaribie kwisha. Mtumishi wa umma hapeleki jina jipya kwenye mfuko wa pensheni mwenyewe kabla ya kumwandikia mwajiri, kwa kuwa mchango wa mwezi unakwenda kwa jina lililo kwenye mshahara.

Kupakia vielelezo ili visikataliwe

Maombi ya mtandaoni hukataliwa kwa sababu ya picha mbaya kuliko kwa sababu ya sheria. Cheti cha ndoa kikipigwa picha usiku chini ya taa, kivuli cha mkono hufunika namba, na karatasi iliyokunjwa mara nne huficha herufi kwenye mikunjo. Ukitumia simu, laza cheti mezani karibu na dirisha mchana, simama ili kivuli chako kisiangukie juu yake, na piga kutoka juu moja kwa moja mpaka pembe zote 4 zionekane. Ukienda steshenari, sema kiskaniwe kwa rangi. Mhuri wa bluu ukiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe hufifia hadi uonekane kama doa, na mkaguzi ana haki ya kusema hauonekani.

Kila waraka uwe faili moja la PDF, kurasa zake zote ndani. Soma ukubwa unaoruhusiwa kwenye ukurasa wa kupakia kabla ya kuskani. Kama faili limezidi, punguza ukali wa skani hadi nukta 150 kwa inchi, usipunguze kwa kukata kingo. Ukurasa mmoja wa rangi kwa ukali huo kwa kawaida unabaki chini ya megabaiti 1 na bado unasomeka. Baada ya kupunguza, fungua faili, likuze, ujaribu kusoma namba ya cheti na maandishi ya ndani ya mhuri. Usipoweza kusoma wewe, naye hataweza.

Majina ya mafaili yawe mafupi, bila nafasi wala alama. Kikwazo kisichotarajiwa ni ile koma ya juu katika majina kama Ng'itu. Mifumo mingine huikataa bila kueleza. Andika hivi:

```
cheti_ndoa.pdf
nida_maria.pdf
barua_mtendaji.pdf
```

Panapotakiwa nakala iliyothibitishwa, thibitisha kwanza kwa wakili, ndipo uskani ile nakala yenye mhuri wake. Kuskani cheti halisi na kuweka mhuri wa wakili kwenye karatasi nyingine hakuhesabiki. Na ukitumia kompyuta ya steshenari, hakikisha mafaili yamefutwa kabla hujaondoka, pamoja na pipa la taka. Cheti cha ndoa na kitambulisho vikiwa pamoja vinamtosha tapeli.

Anwani: kazi tofauti, barua moja

Kuhama hakungoji kubadili jina, na anayehama bila kuolewa anaanzia hapa. Jambo la kwanza ni kuacha kuandika sanduku la posta pale panapoulizwa makazi. S.L.P. ni mahali barua zinapofika. Anwani ya makazi ina namba ya nyumba, jina la barabara au mtaa, kata na postikodi ya tarakimu 5. Postikodi za mkoa wa Mtwara huanza na 63, za Lindi na 65, kwa hiyo Maria akikuta fomu yake ya Mtwara ina postikodi inayoanza na 65 anajua mtu amekosea. Namba ya nyumba iko kwenye kibao kilichowekwa wakati wa operesheni ya anwani za makazi. Kama nyumba haina kibao, muulize mtendaji wa mtaa, maana namba inaweza kuwa imo kwenye mfumo wa anwani wa NaPA hata kama kibao hakipo.

Barua ya utambulisho ya mtendaji ndiyo itakayotumika kila mahali, kwa hiyo isome kabla hujaondoka ofisini. Iwe na majina matatu kama yalivyo NIDA siku hiyo, namba ya kitambulisho, namba ya nyumba, mtaa, kata, tarehe uliyohamia, picha yako iliyogongwa mhuri nusu juu ya picha nusu juu ya karatasi, na jina na cheo cha aliyesaini. Barua inayosema tu "ni mkazi wangu" hurudishwa. Mtendaji asiyekufahamu atataka uende na mwenye nyumba au balozi, pamoja na mkataba wa pango. Risiti ya LUKU mara nyingi haimsaidii mpangaji, kwa sababu mita ina jina la mwenye nyumba. Ikiwa ndiyo pekee uliyo nayo, iambatanishe na mkataba unaotaja namba ya mita hiyo.

Maria bado anasubiri NIDA isome Nampunju. Akiomba barua leo, itaandikwa Lukanga na itamfaa kwa NIDA, lakini kwa benki mwezi wa Machi ataomba nyingine yenye jina jipya. Kwa barua zote mbili anamwomba mtendaji aandike sentensi moja: kwamba Maria Petro Lukanga na Maria Petro Nampunju ni mtu mmoja, kwa cheti cha ndoa namba fulani.

Daftari la wapiga kura lina kalenda yake. Kuhamisha kituo kutoka Masasi kwenda Mtwara hufanyika wakati Tume imefungua uboreshaji wa daftari katika eneo husika, na mtu hujiandikisha upande anaohamia akiwa na kadi yake ya zamani. Hiyo kadi asiitupe wala asiikate, hata baada ya kila kitu kingine kusoma jina jipya.